Utangulizi: Katibu wa Kampuni na Mtu wa Kupokea Barua

Mfanyabiashara wa Gishubi, mkoani Gitega, anaweza kuendesha kampuni yake miaka mingi bila kusikia habari za katibu wa kampuni. Sheria ya makampuni ya Burundi ya mwaka 2011 imefuata mkondo wa Kifaransa na Kibelgiji. Katika kampuni ndogo, yule msimamizi aliyeteuliwa na wanahisa ndiye anayetia saini, ndiye anayetunza vitabu, na akitafutwa na mahakama hupatikana yeye. Mambo hubadilika akishavuka Kobero, upande wa Muyinga, na kuingia Tanzania. Huko sheria zimetoka Uingereza, nazo zinauliza swali jipya: katibu wako ni nani?

Chukua kampuni ya Gishubi inayoagiza mabati kupitia bandari ya Dar es Salaam, na sasa inataka ofisi yake hapo hapo bandarini. Ina njia mbili. Ya kwanza ni kusajili kampuni mpya ya Kitanzania kwa Msajili wa Makampuni, BRELA. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kila kampuni ina katibu, na jina lake huandikwa tangu siku ya kusajiliwa. Anatunza daftari la wanahisa na kumbukumbu za vikao, anawasilisha taarifa za mwaka kwa Msajili, na wakurugenzi wakibadilika ni yeye anayepeleka taarifa. Mkurugenzi mmoja kati ya wawili anaweza kuwa katibu pia. Lakini waraka unaodai saini ya mkurugenzi na ya katibu hautimizwi na mtu mmoja aliyesaini kwa vyeo vyote viwili. Kampuni za kifamilia hukwama hapa mara nyingi.

Njia ya pili ni tawi la kampuni ileile ya Burundi. Ndani ya siku 30 za kufungua ofisi, kampuni inampelekea Msajili katiba yake iliyothibitishwa, pamoja na tafsiri yake kwa kuwa asili ni Kifaransa, orodha ya viongozi wake, na jina na anwani ya mkazi wa Tanzania aliyeruhusiwa kupokea nyaraka za mahakama kwa niaba yake.

Huyu wa mwisho hudharauliwa, nami naona ndiye wa kuchaguliwa kwa uangalifu kuliko wote. Hati ya wito ikiachwa kwenye anwani iliyosajiliwa, kampuni inahesabiwa imeipokea. Tuseme wakala huyu wa kupokea nyaraka alihama Kariakoo mwaka jana bila kumwambia mtu. Mdai anafungua shauri, hati inaachwa kwenye mlango wa zamani, siku ya kesi hakuna anayesimama, na hukumu inatolewa upande mmoja. Mwenye kampuni anapata habari akiwa Gitega, siku akaunti ya benki inapozuiwa.

Katibu naye ana hatari yake. Katika kesi ya Panorama, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1971, katibu wa kampuni moja alikodi magari ya kifahari kwa jina la kampuni, akidai ni ya kuwapokea wateja, kumbe alikuwa akiyatumia mwenyewe. Mahakama ya Rufaa ikaamuru kampuni ilipe, kwa kuwa kukodi magari ni jambo ambalo watu hutarajia katibu wa kampuni awe na mamlaka nalo. Hukumu hiyo hufundishwa hata katika vyuo vyetu vya sheria.

Basi katibu anapatikanaje? Kenya wamerahisisha: kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 au zaidi lazima iwe na katibu, naye awe amesajiliwa katika taaluma hiyo, kwa hiyo jina lake unalikagua. Tanzania, kwa kampuni binafsi, utafutaji ni wako. Wengi huwatumia mawakili, na jina la wakili linatazamwa katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Baada ya hapo nenda ofisini kwake, usiishie kwenye simu. Omba akuonyeshe daftari la wanahisa la kampuni nyingine anayoihudumia, majina yakiwa yamefunikwa. Asiye na daftari hata moja ni mjaza fomu tu.

Uliza pia usajili utafanywa kwa akaunti ya nani katika mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Wakala akitumia akaunti na barua pepe yake mwenyewe, siku mkigombana utajikuta huwezi kuwasilisha hata badiliko la anwani. Na kwenye mkataba andikeni kwamba hati yoyote ya mahakama au ya Msajili itapigwa picha na kutumwa Gishubi siku hiyohiyo, kwa namba mbili za simu, na kwamba wakala akihama atatoa taarifa kabla ya kuhama.