Sukari Inavyogeuza Mwanga

Maji safi na maji ya sukari huwezi kuyatofautisha kwa macho, lakini mwanga huyatofautisha. Mwanga wa taa hutetemeka pande zote. Ukipita kwenye kichujio cha polaraidi, hubaki na mtetemo wa upande mmoja tu. Mfaransa Jean-Baptiste Biot aliona mwaka 1815 kwamba vimiminika fulani huuzungusha mtetemo huo. Molekuli ya sukari ni kama mkono wa kulia: hailingani na taswira yake ya kiooni, na ndiyo maana inaupindisha mwanga kwa upande mmoja. Kadiri molekuli zinavyokuwa nyingi njiani, ndivyo mzunguko unavyoongezeka.

Kifaa cha kupimia mzunguko huo ni polarimita. Ndani yake mna taa ya manjano ya sodiamu, kichujio, bomba la kioo la sentimita 20, kisha kichujio cha pili kinachozungushwa kwenye duara la digrii. Kwanza jaza bomba maji matupu na usome sifuri yako. Kisha weka juisi ya miwa iliyosafishwa, maana yenye ukungu haipimiki, na uhakikishe hakuna povu njiani. Katika polarimita nyingi jicho huona vipande vitatu. Zungusha taratibu hadi vyote vififie sawasawa. Kipande cha katikati kikizidi giza au mwanga, hujafika.

Tuseme umesoma digrii 13.3 kuelekea kulia. Kwa nyuzi 20 za joto, sukari ya miwa huzungusha digrii 66.5 kwa kila gramu moja katika mililita, kwenye bomba la sentimita 10. Bomba letu ni la sentimita 20, basi gawanya 13.3 kwa 133: jibu ni 0.1, yaani gramu 10 katika kila mililita 100.

Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa sukari ni ya aina moja tu. Miwa ikikatwa na kucheleweshwa shambani, sehemu ya sukari yake huvunjika kuwa glukosi na fruktosi. Mchanganyiko huo huzungusha mwanga kushoto, karibu digrii 20. Gramu moja kati ya zile kumi ikivunjika, kipimo hushuka hadi takriban 11.55, na hesabu hutoa gramu 8.7 wakati sukari iliyobaki ni gramu 9. Mkulima anayelipwa kwa kiasi cha sukari hapo ameumia, ingawa bakteria wakizalisha dekstrani, ambayo huzungusha kulia kwa nguvu sana, kosa linageuka na kiwanda ndicho kinachopunjwa.

Mpimaji mwangalifu hupima mara mbili. Baada ya kipimo cha kwanza huivunja sukari yote kwa asidi au kimeng'enya, akapima tena. Kilichokuwamo kabla hubaki karibu vilevile katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo tofauti kati ya namba hizo inatokana na sukari ya miwa yenyewe.