Mshahara uombe, tarehe ieleze

Barua ya ajira inapofika na mshahara uko chini ya matarajio, tena tarehe ya kuanza kazi ni wiki mbili tu mbele, wengi huandika jibu moja lenye sauti moja. Wapo wanaoomba radhi kwa yote mawili, na wapo wanaoweka masharti kwa yote mawili. Namna zote hizo zina kasoro ileile: zinachanganya vitu visivyofanana. Mshahara ni jambo la hiari ya mwajiri, kwa hiyo unaombwa. Tarehe, kwa mtu ambaye bado ameajiriwa kwingine, imefungwa na sheria, kwa hiyo inaelezwa. Barua pepe yenye heshima ni ile inayomwonyesha msomaji wake lipi linaweza kusogea na lipi haliwezi, ili asipoteze muda kuvuta kamba mahali ambapo haivutiki.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam anayelipwa 1,600,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tarehe 12 Mei anapokea barua ya kampuni nyingine: mshahara 1,800,000, kuanza tarehe 1 Juni. Kwa jicho la kwanza ameongezewa 200,000. Lakini kwanza NSSF inachukua asilimia 10 ya mshahara wake, kisha kodi ya PAYE inakatwa kwenye kinachobaki, na kwa viwango vya Tanzania Bara kila shilingi inayozidi 1,000,000 hukatwa asilimia 30. Leo anapokea mkononi 1,180,000. Kazi mpya itampa 1,306,000. Tofauti ni 126,000. Sasa kama mwajiri wa leo ana basi la wafanyakazi, na ofisi mpya itamgharimu nauli ya 5,000 kwa siku, siku 22 za kazi zitakula 110,000. Faida halisi ya kuhama ni 16,000 kwa mwezi. Hesabu hii ndiyo inayompa kiwango cha kuomba. Katika ngazi hiyo ya mshahara, kila 100,000 inayoongezwa kwenye mkataba humfikia mkononi kama 63,000. Akiomba 2,050,000 atapokea 1,463,500, na baada ya nauli atakuwa amezidi hali yake ya leo kwa 173,500.

Hata hivyo, hesabu ya nauli ibaki kwenye daftari lake. Anayesoma barua pepe hiyo, mara nyingi ofisa rasilimali watu, si yeye anayeamua. Atapeleka ombi kwa mkurugenzi au meneja wa fedha, na huko ataulizwa kwa nini kampuni ilipe zaidi. Nauli ya mwombaji hailijibu swali hilo. Linajibiwa na kazi yenyewe. Tuseme tangazo lilitaja hesabu za makao makuu pekee, kisha kwenye usaili ikaelezwa kwamba mhasibu atasimamia pia hesabu za matawi mawili. Hiyo ni sababu ambayo ofisa anaweza kuibeba kama ilivyo hadi kwa bosi wake. Sababu moja ya namna hiyo, pamoja na kiwango kimoja, inatosha. Anayetaja “kati ya 1,900,000 na 2,200,000” ajue kwamba mwajiri atasikia ile namba ya chini.

Namna ya kuomba ina uzito wa kisheria pia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinataka ukubali uwe kamili, usio na masharti. Anayeandika “nimekubali, ila kwa 2,050,000” bado hajakubali. Katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1840, mnunuzi wa shamba alitajiwa pauni 1,000, akajibu kwa pauni 950. Alipokataliwa akarudi kukubali zile 1,000, na mahakama ikasema ofa ya kwanza ilikuwa imekwisha kufa kwa jibu lake mwenyewe. Mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson, Jacques dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza tu kama muuzaji angekubali mzigo uletwe kwa muda wa miezi miwili. Mahakama ikaona hilo ni swali, na ofa ikabaki hai. Kwa hiyo maneno “naomba kufahamu kama kuna nafasi ya” yanafanya kazi mbili kwa pamoja: yanalinda adabu, na yanamwachia mwombaji mlango wa kurudi kwenye zile 1,800,000.

Tarehe inadai lugha nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Akiitoa tarehe 20 Mei, siku hizo haziishi kabla ya tarehe 17 Juni. Akikataa kuitumikia, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya kipindi hicho katika stahiki zake. Tena hapaswi kutoa notisi kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili, asije akajikuta hana kazi huku wala kule. Ndiyo maana ni salama zaidi kupendekeza muda unaohesabiwa tangu siku ya kusaini kuliko kutaja tarehe ya kalenda. Majadiliano yakichukua siku kumi, tarehe ya kalenda itabaki palepale huku notisi ikisogea mbele.

Yote haya yanaenea katika barua pepe fupi:

“YAH: Barua ya ajira ya tarehe 12 Mei

Ndugu Meneja,

Nashukuru kwa barua yenu, na ningependa kufanya kazi hii. Kabla ya kusaini, nina mambo mawili.

Kwenye usaili nilielezwa kwamba mhasibu atasimamia pia hesabu za matawi mawili, jukumu ambalo halikuwamo kwenye tangazo. Kwa kuzingatia hilo, naomba kufahamu kama kuna nafasi ya kuupandisha mshahara hadi 2,050,000 kabla ya makato.

Kuhusu tarehe, sheria inanitaka nitoe notisi ya siku 28 kwa mwajiri wangu wa sasa. Kwa hiyo nitaweza kuanza siku 30 baada ya pande zote mbili kusaini mkataba.

Niko tayari kuzungumza kwa simu wakati wowote utakaokufaa. Natanguliza shukrani.”

Wapo watakaosema ajira ni adimu, na anayeomba zaidi anajitafutia kunyimwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kabla ya kusaini mwajiri anaweza kuondoa ofa yake wakati wowote. Asiye na kazi nyingine ya kushikilia ana haki ya kuuacha mshahara ulivyo, na yeye hana notisi ya kueleza. Lakini aliye kazini hawezi kuliacha suala la tarehe, kwa kuwa kukubali siku ambayo sheria haimruhusu ni kuanza uhusiano mpya kwa ahadi isiyotimizika. Wengine watasema mazungumzo ya simu yana ubinadamu zaidi. Ni kweli, na simu itangulie ikiwezekana. Ila “tutaangalia” ya kwenye simu haiwezi kupelekwa kwa mkurugenzi, na maandishi yanaweza. Pia kuna mahali ambapo ombi la mshahara halina pa kusimama: utumishi wa umma, ambako ngazi za mishahara zimepangwa na serikali. Huko mwombaji aandike kuhusu tarehe peke yake.

Jibu likija kwamba mshahara haupandi lakini tarehe imekubaliwa, mhasibu wetu bado ana ofa iliyo hai mezani, na anajua kwamba kuhama kutamzidishia 16,000 kwa mwezi. Hapo ataamua kwa kupima kazi yenyewe, huku hesabu yake ikiwa wazi mbele yake.