Kanuni Sahihi, Jibu Baya: Jinsi ya Kukagua Hesabu za Riba

Ukisahihisha karatasi ya hesabu za riba utaona kwamba wanafunzi wengi wanaijua kanuni. Kinachowaangusha ni kuchukua kiwango cha mwaka na kukizidisha kwa miezi, au kiwango cha miezi mitatu na kukiambatanisha na miaka.

Tuchukue swali moja. Mama ameweka benki shilingi 400,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kwa muda wa miezi 18. Kama ni riba rahisi, kanuni ni I = PRT/100. Kiwango kimetolewa kwa mwaka, kwa hiyo miezi 18 inaandikwa mwaka 1.5, na riba ni shilingi 72,000. Mwanafunzi akiweka 18 mahali pa T anapata 864,000. Riba iliyozidi mara mbili ya mtaji kwa mwaka mmoja na nusu, kwa asilimia 12, haiwezekani. Hapo kosa linaonekana hata bila kurudia hesabu.

Sasa benki iwe inaongeza riba kwenye mtaji kila miezi mitatu, yaani riba juu ya riba. Kanuni ni A = P(1 + r)^n, ambapo r ni kiwango cha kipindi kimoja na n ni idadi ya vipindi. Mwaka una vipindi vinne, basi r ni asilimia 3. Miezi 18 ina vipindi sita. Jibu ni shilingi 477,621, na riba ni 77,621.

Mwanafunzi mwingine ameandika asilimia 3 na n = 18, akapata 680,973. Kumgundua ni rahisi: zidisha kiwango cha kipindi kwa idadi ya vipindi, kisha linganisha na kiwango cha mwaka mara miaka. Kwa swali letu, 12 mara 1.5 ni 18, na 3 mara 6 pia ni 18. Yeye amepata 3 mara 18, yaani 54. Amehesabu miezi badala ya vipindi vya miezi mitatu.

Kipimo hicho hakikamati kila kosa. Aliyetumia asilimia 12 na n = 1.5 anapata 18 vilevile, lakini jibu lake ni 474,119, kwa sababu amesahau kwamba riba inaongezwa kila miezi mitatu. Kwa hiyo rudi kwenye swali, upigie mstari maneno yanayosema riba inaongezwa lini.

Mwisho, linganisha na riba rahisi. Muda ukizidi kipindi kimoja, riba juu ya riba lazima iizidi, na kwa muda mfupi kama huu huizidi kidogo tu: 77,621 dhidi ya 72,000. Ikiwa pungufu, au ikiwa karibu mara nne yake kama ile 280,973 ya mwanafunzi wetu, kagua r na n kabla ya kugusa kitu kingine.