Sikio Lililokatiwa Damu: Uziwi wa Ghafla na Sababu za Kuukimbilia (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza uziwi unaoingia polepole kwa sababu ya umri, kelele na baadhi ya dawa, sehemu hii inahusu uziwi wa namna nyingine kabisa, ule unaoshuka katika muda wa dakika au saa chache, mara nyingi kwenye sikio moja tu, bila maumivu na bila usaha, kiasi kwamba aliyepatwa nao hudhani ameziba sikio kwa nta au kwa maji ya kuoga. Kwa kipimo cha kitabibu, uziwi huitwa wa ghafla pale usikivu unapopungua kwa desibeli 30 au zaidi katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana ndani ya saa 72, hali chanzo chake kikiwa katika sikio la ndani au katika neva ya kusikia, wala si katika tundu la sikio wala nyuma ya kiwambo. Desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti, na kupoteza 30 kunatosha kumfanya mtu asisikie tena mnong'ono upande huo.

Miongoni mwa vyanzo vya uziwi huo kuna kimoja kinachofanana sana na kiharusi, nacho ni kukatika kwa damu inayolisha sikio la ndani. Mishipa miwili hupanda shingoni kupitia matundu ya pingili za uti wa mgongo, ikaungana mbele ya shina la ubongo na kuwa ateri moja, na ateri hiyo hutoa tawi linaloelekea sehemu ya chini na ya mbele ya ubongo mdogo, ambao kazi yake kubwa ni kuratibu mwendo na mizani ya mwili. Kwa watu wengi ateri ya sikio la ndani huchipuka kutoka katika tawi hilo, ikafuatana na neva ya kusikia ndani ya mfereji wa mfupa, kisha ikagawanyika: upande mmoja hulisha viungo vya mizani, na mwingine huenda kwenye koklea, yaani kile kiungo kilichojiviringisha ambacho hugeuza mitikisiko ya sauti kuwa ishara za neva. Ateri hiyo ni nyembamba kuliko milimita moja, na jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba haina mwenzake wa kuisaidia, kwa sababu sikio la ndani limefungiwa ndani ya mfupa mgumu ambao mishipa ya jirani haipenyi kwa wingi. Hali yake ni kama ya nyumba iliyo mwisho wa bomba la maji: bomba likiziba, hakuna njia ya pili.

Tatizo huzidishwa na namna koklea inavyofanya kazi. Ndani yake kuna umajimaji unaohifadhiwa katika chaji ya umeme ya takriban milivolti 80, na chaji hiyo huendeshwa na ukanda mwembamba wa tishu wenye mishipa mingi ambao hauna akiba ya oksijeni ya kuutosha hata kwa muda mfupi. Chaji hiyo ndiyo inayozisukuma seli zenye vinywele, zile zinazopokea sauti, zitoe ishara. Katika majaribio yaliyofanywa kwa simbilisi mwishoni mwa miaka ya 1950, ateri ya sikio la ndani ilipobanwa, ishara za umeme za koklea zilififia katika muda wa takriban dakika moja. Mbano ulipoondolewa upesi zilirudi, lakini ulipoendelea kwa muda wa kama saa moja sehemu kubwa ya uharibifu haikurekebishika tena.

Hapo ndipo swali gumu linapozuka, na ni swali ambalo maelezo mengi ya afya hulikwepa. Ikiwa koklea iliyokosa damu hufa katika muda mfupi hivyo, na mgonjwa hufika hospitali baada ya saa sita au baada ya siku mbili, haraka hiyo ni ya nini? Jibu la kweli ni kwamba sikio ambalo ateri yake imeziba kabisa mara nyingi limekwisha kupotea kabla mgonjwa hajavaa viatu. Dharura inabaki kwa sababu mbili nyingine: ya kwanza ni kwamba hakuna anayeweza kujua kwa kutazama tu kama chanzo ni damu au ni kitu kingine kinachotibika, na ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba ateri iliyolinyima sikio ni tawi la mshipa uleule unaolisha shina la ubongo.

Kuhusu sababu ya kwanza, inafaa kujua kwamba kati ya wagonjwa kumi wa uziwi wa ghafla, tisa hivi hawapatikani na chanzo kilicho wazi. Virusi, uvimbe wa kinga ya mwili na hitilafu ya damu vyote hudhaniwa. Katika kundi hilo lisilo na chanzo, dawa inayotumika zaidi ni steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kawaida predinisoloni ya vidonge isiyozidi miligramu 60 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kisha ikapunguzwa taratibu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1980 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya waliopewa steroidi walipata nafuu, wakilinganishwa na asilimia 32 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ushahidi uliofuata haukuwa imara hivyo, na wataalamu waaminifu hukiri kwamba baadhi ya masikio hupona yenyewe. Hata hivyo mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliorekebishwa mwaka 2019, unairuhusu tiba hiyo ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwani kadiri siku zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Mwongozo huohuo unakataza kutoa kwa mazoea dawa za kuyeyusha damu iliyoganda au za kupanua mishipa kwa mtu mwenye uziwi pekee, kwa kuwa faida yake haikuthibitishwa na hatari ya kuvuja damu ni ya kweli.

Sababu ya pili inahitaji kuelezwa kwa mfano, ambao umebuniwa lakini dalili zake zote ni za kawaida katika maradhi haya. Mwanamume wa miaka 63, mwenye presha na kisukari, anaamka alfajiri akisikia mvumo katika sikio la kulia, na anapoiweka simu upande huo hasikii kitu. Baada ya muda mfupi chumba kinaanza kumzunguka, anatapika, na kila anapojaribu kusimama anaangukia kulia. Katika zahanati ya kwanza anaweza kabisa kupewa dawa ya matone na ya kuzuia kichefuchefu, kwa sababu kizunguzungu pamoja na sikio kuziba huonekana kuwa habari ya sikio tu.

Mkaguzi makini huanza kwa kuchungulia tundu la sikio. Kiwambo kikionekana safi, bila nta iliyoziba na bila maji nyuma yake, hatua inayofuata ni kugonga uma wa kupimia sauti na kuusimamisha katikati ya paji la uso. Kama kizuizi kingekuwa nta au maji, sauti ingesikika zaidi katika sikio bovu. Lakini ugonjwa ukiwa wa sikio la ndani au neva, sauti huhamia katika sikio zima, na ndivyo mwanamume huyu anavyosema. Mtu asiye na uma anaweza kupata dokezo lilelile kwa kufumba mdomo na kuguna kwa sauti ndefu, ingawa dokezo hilo halishiki nafasi ya kipimo kamili cha usikivu.

Kisha hutazamwa macho, na hapa kuna mtego. Mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao walichapisha kipimo cha hatua tatu cha kutofautisha kizunguzungu cha sikio na cha ubongo, na hatua mojawapo ni kukigeuza kichwa ghafla huku mgonjwa akitazama pua ya daktari. Macho yakiponyoka na kurudi kwa kuruka, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa sikio, na mgonjwa huonekana kuwa salama kuliko yule ambaye macho yake hayakuponyoka. Lakini kwa mwenye kiharusi cha tawi lile la ubongo mdogo macho huponyoka vilevile, maana sikio lenyewe limekosa damu pamoja na ubongo. Kwa sababu hiyo kipimo cha usikivu kiliongezwa baadaye kama hatua ya nne: kizunguzungu kikali kinachodumu, kikifuatana na uziwi mpya wa sikio moja kwa mtu mwenye presha au kisukari, huhesabiwa kuwa kiharusi mpaka kithibitike kuwa sicho. Mwanamume wa mfano ana dalili nyingine isiyohitaji kifaa chochote, nayo ni kushindwa kusimama bila kushikwa.

Picha ya CT huweza kuonyesha damu iliyovuja, lakini ni dhaifu katika kuonyesha kiharusi kidogo cha sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo. MRI ni bora, ila nayo ikipigwa ndani ya saa 48 za mwanzo inaweza kutoka safi ilhali kiharusi kipo, na daktari anayeitegemea peke yake anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani kimakosa. Hyung Lee na wenzake wa Daegu, Korea Kusini, wameeleza wagonjwa ambao sikio lilitangulia kuzima, na kiharusi cha ubongo mdogo kikafuata baada ya siku chache. Huko Taiwani, utafiti wa mwaka 2008 uliofuatilia wagonjwa kwa miaka mitano ulikuta kwamba waliopata uziwi wa ghafla walipatwa na kiharusi mara 1.64 zaidi ya waliolinganishwa nao. Mgonjwa wa namna hii hulazwa, moyo na mishipa ya shingo huchunguzwa, na dawa za kuzuia damu kuganda hupangwa kwa kadiri ya kitakachopatikana. Steroidi kwa mwenye kisukari hupandisha sukari, hivyo madaktari wa masikio wanaweza kuchagua kuidunga moja kwa moja kupitia kiwambo, ikae nyuma yake na kupenya ndani bila kuzunguka mwili mzima.

Katika Afrika Mashariki kuna kundi jingine ambalo haliendani na picha ya mzee mwenye presha, nalo ni vijana wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda na kunata katika mishipa midogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao, na ateri ya sikio la ndani ni mahali pembamba pa kutosha kwa chembe hizo kuziba. Uziwi wa ghafla wa kijana huyo hautibiwi kwa kufuata desturi ya wengine, kwa kuwa steroidi yenyewe inaweza kufuatiwa na maumivu makali ya mifupa, na ndiyo maana daktari wa damu huitwa mapema kuamua kama mgonjwa aongezewe damu au abadilishiwe sehemu ya damu yake kabla ya kuguswa na dawa nyingine.