Usimimine kipya juu ya cha zamani

Mwezi huu tuingie jikoni, tufungue kabati la chakula.

Siku moja mama mmoja kijana alimleta kliniki mtoto wake wa miezi 11. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi miwili badala ya kupanda. Mtoto hakuwa na homa, wala hakuharisha. "Uji anaukataa, sista," alisema mama yake. "Anaonja, anakunja uso, anatema."

Nilimwomba aje kesho yake na unga anaoupikia. Alileta kikombe kimoja. Nilipounusa, ulikuwa na harufu ya mafuta yaliyokaa mno, na ulimini ulikuwa mchungu. Mama alishangaa, kwa sababu alikuwa amesaga unga wa lishe wiki mbili tu zilizopita: mahindi, ulezi na karanga pamoja. Nilimwuliza, "Huo mpya uliuweka wapi?" Akajibu, "Kwenye ndoo ile ile, juu ya uliobaki."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Alisaga kilo 6 kila mara, na mtoto wa umri ule hamalizi hata kilo 3 kwa mwezi. Ndoo ilipopungua aliijaza tena. Unga wa chini ulikuwa humo tangu kabla ya masika, na kila alipochota na kukoroga, wa zamani ulichanganyika na mpya. Karanga zina mafuta mengi. Zikiwa nzima ndani ya maganda hukaa miezi, lakini zikishasagwa mafuta hukutana na hewa na kuanza kuharibika baada ya wiki chache. Hata dona huharibika upesi kuliko sembe, kwa kuwa kiini cha mahindi chenye mafuta kimesagwa humo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake tukapanga kabati pamoja. Lilikuwa dogo, la rafu tatu. Nawaeleza tulivyofanya ili nanyi mjaribu.

Kwanza, toa kila kitu

Tulitandika mkeka uani, tukatoa vyote. Nyuma kabisa tulikuta mifuko mitatu ya chumvi iliyofunguliwa, maharage yenye matundu madogo ya mviringo, na fungu la karanga ambalo mama hakukumbuka kama analo. Wiki ile ile alikuwa amenunua karanga nyingine sokoni. Kisichoonekana hununuliwa mara mbili, kisha hutupwa.

Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tulizitupa mbali na kuku. Wengi huzisugua au kuzikaanga wakidhani zimepona. Ukungu wa aina fulani huacha sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Pili, vyombo

Kwa nafaka na maharage tulitumia chupa za maji za lita 1 na nusu, zilizooshwa na kukaushwa kabisa. Chupa moja huingia zaidi kidogo ya kilo moja ya maharage, na unaona kilichomo bila kufungua. Ijaze hadi shingoni na kuikaza kifuniko. Wadudu waliomo huvuta hewa ndogo iliyobaki, kisha hufa. Ukiijaza nusu, hewa inawatosha, nao wataendelea kuzaana. Kwa hiyo chupa unayochota iwe moja tu, nyingine zikae zimefungwa.

Lakini chombo kisichopitisha hewa ni kibaya kwa nafaka mbichi. Huku kwetu Iringa na Mbeya, hasa Mufindi na Rungwe, ukungu na baridi hufanya mahindi yaonekane makavu kumbe bado. Yapime hivi: weka konzi ya mahindi katika chupa kavu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Chumvi yenyewe ni tofauti. Zamani mikoa yetu ya kusini ilikuwa na watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini joto, na ndiyo maana tunahimizwa kutumia chumvi iliyotiwa madini hayo. Madini hayo hupotea chumvi ikikaa kwenye unyevu na jua. Chumvi iwekwe katika kopo lenye kifuniko, lisiloonyesha ndani, mbali na mvuke wa sufuria.

Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au rangi kisitumike kwa chakula, hata ukikiosha mara kumi.

Tatu, maandishi

Tulikata vipande vya plasta ya kubandika, tukaandika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka ukiguswa na mkono wenye maji. Kila chombo kilipata mambo mawili tu: jina la kitu na tarehe kilipoingia. Kwa unga, tarehe ni ile ya kusagwa. Bandika ubavuni mwa chombo, usibandike kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, na kesho dona itaitwa ulezi.

Kisha panga kwa tarehe: cha zamani mbele, kipya nyuma. Hata stoo ya dawa hospitalini hufuata utaratibu unaofanana na huu. Kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka.

Kwa unga wa mtoto tuliweka ndoo mbili ndogo. Moja ni ya kutumia, nyingine ni ya akiba. Ya kwanza haijazwi mpaka iishe, ioshwe na kuanikwa juani. Mama alianza kusaga kilo 2 tu za mahindi na ulezi. Karanga alizitenga zikiwa nzima, akawa anatwanga kidogo za siku mbili au tatu na kuzitia kwenye uji.

Visivyokaa humo

Tulitoa kabatini chupa ya soda yenye mafuta ya taa, na mfuko wa mbegu za mahindi zilizopakwa dawa nyekundu. Maandishi hayatoshi kwa vitu hivi, kwa sababu mtoto hasomi. Anaijua chupa ya soda tu. Viwe nje ya jikoni, juu, chini ya kufuli, katika vyombo vyake vya asili. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa maana yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Kazi yote ilituchukua asubuhi moja. Kumbukeni tu kwamba maandishi hayazuii chakula kuharibika. Yanakuambia cha kutazama kwanza. Kila Jumamosi mama yule hunusa unga na kutazama chupa za mbele. Akiona vumbi jeupe chini ya chupa ya maharage, anajua wadudu wameanza, naye huyamwaga, huyachambua na kuyaanika mara moja.

Baada ya wiki sita alirudi kliniki. Mtoto alikuwa anamaliza kikombe cha uji, na mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kupanda.