Mkataba Batili, Unaobatilishika na Usiotekelezeka

Mvuvi wa Nariokotome ananunua mashua baada ya muuzaji kumhakikishia kuwa injini haijawahi kufunguliwa, kumbe imekarabatiwa. Mkataba huo unabatilishika: unasimama hadi mnunuzi aukatae. Akijua ukweli kisha aendelee kuvua nayo, anaweza kupoteza haki hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyetia sahihi kwa kutishwa. Tishio likiisha, asikawie.

Mkataba wa kuuziana bunduki haramu ni batili tangu mwanzo, hata pande zote zikiridhika.

Makubaliano ya mdomo ya kuuza ploti yenye hati mjini Lodwar hayatekelezeki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka maandishi, sahihi na shahidi; bila hivyo, dai haliwezi kufikishwa mahakamani.