Ugoko Ukimuuma Mkimbiaji Mpya

Mtu anayeanza mazoezi ya kukimbia akilalamika kuwa ugoko unamuuma, wengi humjibu kwamba ni misuli tu, itazoea. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu maumivu ya mahali hapo huweza kutokana na mambo matatu yasiyofanana. Huenda ukingo wa mfupa na utando unaoufunika vimechokozwa, huenda mfupa umeingia ufa, au huenda misuli inabanwa ndani ya mfuko wake. La kwanza humruhusu mtu kuendelea kwa kiasi. La pili humlazimu kuacha kukimbia kwa wiki kadhaa. La tatu hutulia akisimama, na hurudi kila akikimbia tena. Mwanzoni, kuyatenganisha hakuhitaji mashine. Kidole gumba na maswali machache yaliyoulizwa vizuri yanatufikisha mbali.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 27, mkazi wa Dar es Salaam, anayejiandaa kwa mbio za kilomita 21. Hajakimbia tangu amalize sekondari. Wiki ya kwanza anakimbia kilomita 3 mara tatu. Kufikia wiki ya nne anakimbia kilomita 6 mara tano, zote juu ya lami. Ametoka kilomita 9 kwa wiki hadi 30, na sasa miguu yote miwili inamuuma upande wa ndani wa ugoko. Maumivu huanza akianza kukimbia, hupungua mwili ukipata joto, kisha hurudi jioni akiwa ameketi.

Kumpima ni rahisi. Anakaa kitandani, goti limekunjwa, misuli imelegea. Ninatafuta ukingo wa ndani wa mfupa, pale unapokutana na shavu la mguu, kisha ninabonyeza kwa kidole gumba kuanzia juu kidogo ya kifundo, nikipanda taratibu. Kwake uchungu unaanza katika theluthi ya chini ya ugoko na kuendelea kwa urefu wa sentimita 10 hivi, bila sehemu moja kuzidi nyingine. Uchungu uliotandaa sentimita 5 au zaidi kwenye ukingo huo, kwa mtu mwenye historia kama hii, ndiyo dalili kuu ya msongo wa ukingo wa ndani wa ugoko, tatizo linalowapata wakimbiaji wapya kuliko mengine yote mawili.

Chanzo chake ni haraka. Mfupa ni kitu hai, na ukiongezewa mzigo hujijenga upya. Lakini hufanya kama fundi anayebomoa sehemu mbovu ya ukuta kabla ya kupanga matofali mapya: chembe za kubomoa hutangulia, za kujenga hufuata nyuma kwa wiki kadhaa. Katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Wakati huohuo pumzi imeshazoea, mapaja yamepata nguvu, na mtu anajiona yuko tayari kuongeza umbali. Ndiyo maana maumivu haya hupenda kujitokeza katika wiki za mwanzo, pale hasa mkimbiaji anapojisikia vizuri.

Tuseme mwalimu wetu hapunguzi. Anameza diklofenaki kabla ya kukimbia, na usiku anachuliwa ugoko kwa mafuta. Wiki tatu baadaye mguu wa kushoto umetulia, lakini wa kulia umebadilika. Maumivu hayapungui tena akipata joto. Yanazidi kila hatua. Anaumia akitembea kwenda kituo cha daladala, na usiku yanamwamsha. Nikibonyeza, ukingo wote unavumilika isipokuwa sehemu moja, ndogo kama sarafu, inayomfanya auvute mguu. Maumivu yaliyokuwa yametandaa yamekusanyika mahali pamoja. Hapo ninamchukulia kuwa ana ufa wa mfupa mpaka ithibitike vinginevyo.

Anapigwa eksirei, na picha inatoka safi. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu picha safi huchukuliwa kuwa ruhusa ya kurudi barabarani. Katika wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hii. Kinachoonekana baadaye ni mfupa mpya unaojengwa kuziba ufa, na pengine hata huo usionekane. Kipimo cha MRI huona mapema zaidi, lakini ni ghali na hakipo kila hospitali. Kisipopatikana, njia salama ni kumtibu kama mwenye ufa, na kurudia eksirei baada ya wiki mbili au tatu. Anaacha kukimbia kwa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, na akiumia hata akitembea anapewa magongo. Anaacha pia dawa za kuficha maumivu na kuchua sehemu inayouma. Lazima nimuulize kuhusu chakula na hedhi yake, kwa kuwa mwanamke anayekula kidogo kuliko mwili wake unavyotumia, hadi hedhi ikakosekana, mifupa yake hudhoofika na ufa hujirudia. Na kama sehemu inayouma iko mbele ya ugoko, kwenye mfupa wenyewe chini ya ngozi, ninampeleka haraka kwa daktari wa mifupa. Ufa wa hapo huunga kwa shida, na ukipuuzwa mfupa unaweza kukatika kabisa.

Tatizo la tatu hujulikana kwa saa. Chukua kijana anayekimbia na mwalimu huyu. Dakika 10 za kwanza hana neno. Kisha misuli ya mbele, upande wa nje wa ugoko, inakaza na kujaa kama inataka kupasuka. Juu ya mguu panakufa ganzi, na wayo unaanza kupiga chini kwa kishindo. Akisimama, baada ya dakika 20 yote yamekwisha. Kesho yake nikibonyeza mfupa wake sipati uchungu wowote. Misuli ya ugoko imo ndani ya mifuko minne migumu isiyotanuka. Mtu akikimbia misuli huvimba kwa damu, na kwa baadhi ya watu mfuko hauna nafasi, hivyo shinikizo linabana mishipa ya damu na ya fahamu. Huthibitishwa kwa kupima shinikizo kwa sindano kabla na baada ya kukimbia. Wengine hupata nafuu kwa kubadili namna mguu unavyotua; wasiopata hufanyiwa upasuaji wa kuupasua mfuko. Lakini maumivu hayo yakikataa kutulia baada ya kupumzika, mguu ukawa mgumu, na kuvuta vidole kukaleta uchungu mkali, hiyo ni dharura. Misuli hufa ndani ya saa chache, kwa hiyo aende hospitali usiku huohuo.

Kwa mwenye uchungu uliotandaa pekee, dawa ni kupunguza mzigo. Atembee dakika 30 kwa siku mpaka asiumie, huku akiinuka kwa vidole vya miguu kila baada ya siku moja ili kuimarisha shavu la mguu. Kisha akimbie dakika 1 na kutembea dakika 4, mara sita, siku tatu kwa wiki, akiongeza dakika za kukimbia kidogokidogo. Kipimo chake ni asubuhi inayofuata: maumivu yakiwa yameisha, aendelee, yakiwa bado yapo, arudi hatua moja nyuma.

Basi kabla ya kuvaa raba kesho, bonyeza ugoko wako. Ukikuta uchungu kwenye sehemu moja ndogo, au ukiumia ukitembea au ukiwa umelala, usikimbie, hata kama eksirei imesema huna kitu.